Mtihani wa Majaribio: Namna ya Kuutumia, na Siku ya Kulipia Nafasi

Katika nyumba nyingi za pwani yetu siku hizi yuko binti au kijana mwenye shahada ya uuguzi anayetaka kwenda kufanya kazi Uingereza. Miongoni mwa milango anayotakiwa kuipita ni mtihani wa lugha ya Kiingereza, na unaojulikana zaidi na watu wetu ni ule uitwao IELTS. Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza humtaka mwombaji apate daraja 7 katika Kusoma, Kusikiliza na Kuzungumza, na daraja 6.5 katika Kuandika. Ada yake ni makumi ya maelfu ya shilingi, na aghalabu hutoka katika mkono wa mama, wa shangazi, au katika chama cha akina mama. Akikosa nusu daraja katika sehemu moja, hawezi kufidia kwa kufanya vyema zaidi katika sehemu nyingine, na fedha iliyotoka hairudi.

Kwa sababu hiyo tumeona tuwaandikie wasomaji wetu juu ya jambo moja: mtihani wa majaribio. Karibu kila anayejiandaa huufanya, lakini wengi huufanya kama mtu anayekunywa dawa bila ya kusoma kipimo. Hufanya karatasi juu ya karatasi, huhesabu alama, hufurahi au huhuzunika, kisha hufungua karatasi nyingine. Mtihani wa majaribio una kazi mbili, na kila moja ina adabu zake. Kazi ya kwanza ni kupima, na ya pili ni kuonyesha ugonjwa uko wapi.

Tuanze na kupima. Mizani ikiwa na kasoro, bei yote huharibika. Karatasi iliyofanywa kitandani, simu ikiwa pembeni, ikasimamishwa mara mbili kwa ajili ya mgeni na mara moja kwa ajili ya chungu kilichokuwa jikoni, haimwambii mtu chochote juu ya siku ya mtihani. Katika mtihani wenyewe, Kusikiliza, Kusoma na Kuandika hufuatana katika kikao kimoja bila ya mapumziko, na kikao hicho huchukua kiasi cha saa 2 na dakika 40. Sauti ya Kusikiliza husikika mara moja tu. Kusoma ni dakika 60 kwa vifungu 3 na maswali 40. Anayefanya kwa karatasi hupewa dakika 10 za kuhamisha majibu yake ya Kusikiliza, lakini katika Kusoma hapewi hata moja. Jibu lisiloandikwa mahali pake kabla ya dakika ya 60 halihesabiwi. Anayefanya kwa kompyuta huandika jibu moja kwa moja kwenye skrini, na mwisho wa Kusikiliza huwa na dakika 2 tu za kukagua. Basi ajaribu kwa namna ile ile atakayoifanya siku yenyewe.

Nyumbani jambo hili linawezekana, ila linahitaji makubaliano ya familia. Jumamosi, kwa mfano, akianza saa mbili asubuhi atamaliza saa tano kasorobo au kabla yake, na hakuna adhana itakayomkata katikati. Watoto wapelekwe kwa bibi yao. Simu iwekwe chumba kingine, na saa ya mkononi ivuliwe, kwani katika chumba cha mtihani havitaruhusiwa vyote viwili; atumie saa ya ukutani. Mezani pawe na maji, kalamu ya risasi na kifutio. Mtu wa nyumbani ashike wakati na aseme "basi" dakika inapotimia, bila ya kumwongeza hata nusu dakika ya huruma. Huruma ya leo ndiyo itakayomlia ada yake kesho.

Jambo jingine la kipimo ni kuwa karatasi ni kama kiberiti, njiti yake huwashwa mara moja. Akiirudia karatasi aliyokwisha kuifanya, alama zitapanda kwa sababu anakumbuka vifungu na majibu, wala si kwa sababu amekuwa bora. Karatasi iliyotumika ni nzuri kwa mazoezi, lakini si kipimo tena. Vitabu vya Cambridge vyenye karatasi za mtihani huu huwa na mitihani 4 kila kimoja. Vitabu viwili ni vipimo 8, na vipimo 8 vinatosha miezi miwili mtu akifanya kimoja kwa wiki. Asivimalize kwa siku kumi. Na zile karatasi zinazozunguka katika simu bila ya kujulikana nani alizitunga, tungezitumia kwa mazoezi tu, kwa kuwa ugumu wake haujulikani na pengine majibu yake yenyewe yana makosa.

Sasa tuje kwenye kazi ya pili, ambayo ndiyo yenye faida kubwa na ndiyo inayorukwa zaidi. Tutaieleza kwa mfano wa binti mmoja muuguzi wa mtaani kwetu, ambaye mama yake alituomba tuwe washika saa wake. Tutachukua sehemu ya Kusoma peke yake, kwa kuwa ndiyo iliyomsumbua.

Katika karatasi yake ya kwanza alipata majibu sahihi 24 katika 40. Kwa kawaida daraja 7 katika Kusoma kwa wasomi, ambayo ndiyo aina wanayoifanya wauguzi, huhitaji kiasi cha 30, na daraja 6 kiasi cha 23. Mtu angesema, "Kiingereza chake hakijatosha, arudi darasani." Lakini namba 24 haisemi hivyo. Namba 24 inasema tu kuwa 16 zimekosekana. Haisemi kwa nini.

Kabla ya kuangalia majibu, tulimtaka afanye jambo moja. Kalamu yake ya mwanzo ilikuwa nyeusi. Tukampa kalamu nyekundu, tukamwambia aipitie karatasi upya bila ya saa, ajibu aliyoyaacha, na abadilishe anayotaka kubadilisha, ila asifute kitu. Ndipo karatasi ikasahihishwa mara mbili: kwa weusi 24, na kwa wekundu 31. Tofauti ya hizo mbili ni habari kubwa kuliko alama yenyewe. Alama ya wekundu huonyesha anachokijua mtu akiwa na nafasi. Ya weusi huonyesha anachoweza kukitoa wakati unapombana. Zikikaribiana, tatizo ni lugha, na dawa yake ni kusoma na kuongeza msamiati kwa miezi. Zikiachana kama za binti huyu, tatizo kubwa ni namna anavyofanya mtihani, na hilo hutengenezeka kwa wiki chache.

Kisha tukayapanga makosa 16 kwa sababu zake. Saba yalikuwa maswali aliyoyaacha wazi, yote katika kifungu cha tatu. Manne yalikuwa ya aina ile inayomtaka mtu achague TRUE, FALSE au NOT GIVEN. Matatu yalikuwa ya utaratibu: mara mbili aliandika maneno matatu mahali ambapo maagizo yalisema NO MORE THAN TWO WORDS, na mara moja alikosea herufi za neno lililokuwa mbele ya macho yake. Mawili tu ndiyo aliyoyakosa kwa kutojua maana ya maneno.

Tukayachukua makundi mawili makubwa, tukaacha mengine yasubiri. Kundi la kwanza lilikuwa ni wakati. Tulikuwa tumemtaka aandike ukingoni dakika aliyoingia na aliyotoka katika kila kifungu. Ikaonekana kifungu cha kwanza, ambacho ndicho chepesi, kilimla dakika 26. Cha pili 23. Na cha tatu, ambacho ndicho kigumu na chenye maswali 14, kikabakiwa na 11. Tulipomuuliza alitumia vipi zile 26, alisema, "Ami, kuna swali moja nililirudia mara nne, sikutaka kuliacha." Hapo ndipo palipokuwa ugonjwa. Kila swali lina alama moja, jepesi na gumu. Anayeng'ang'ania moja kwa dakika tano ameuza matatu au manne ya mbele. Akajiwekea sheria: dakika 17 kwa kifungu cha kwanza, 20 kwa cha pili, 23 kwa cha tatu, na swali likimshinda kwa dakika moja na nusu, aandike jibu la kukisia, aweke alama pembeni, aende. Kukisia hakupunguzi alama katika mtihani huu, hivyo hakuna sababu ya kuacha nafasi yoyote wazi.

Kundi la pili lilikuwa ni yale maswali ya TRUE, FALSE na NOT GIVEN. Hapa wengi hukosea kwa namna moja, na mfano wa kubuni utalifafanua. Tuseme kifungu kinasema: "Wanawake wengi wa kisiwa hicho walisuka mikeka ya ukindu." Kauli ya kwanza inasema kuwa ni wanawake wachache tu waliosuka mikeka. Hiyo ni FALSE, kwa sababu kifungu chenyewe kinaipinga: kimesema wengi. Kauli ya pili inasema kuwa wanawake hao waliiuza mikeka yao sokoni. Hiyo ni NOT GIVEN, kwa sababu kifungu kimenyamaza. Hakikusema waliuza wala hakikusema hawakuuza. Lakini msomaji wa pwani anayejua kuwa mikeka huuzwa ataandika TRUE bila ya kusita. Ameleta elimu yake ya nje katika swali linaloulizia kifungu peke yake. Binti wetu alikosea hivyo hivyo katika kauli zilizohusu afya, mambo anayoyajua kutokana na kazi yake. Sheria yake mpya ilikuwa hii: kabla ya kuandika FALSE, aweke kidole juu ya maneno yanayopinga kauli ile. Asipopata mahali pa kuweka kidole, jibu ni NOT GIVEN.

Haya yote aliyaandika katika daftari la makosa. Daftari hilo lina safu nne tu: jibu aliloandika, jibu sahihi, maneno ya kifungu yanayoonyesha usahihi huo, na sababu ya kukosea. Katika safu ya nne tulimkataza maneno mawili: "haraka" na "kutokuwa makini." Maneno hayo hayatibiki. Badala ya "sikuwa makini," aandike "sikusoma idadi ya maneno katika maagizo," na papo hapo dawa huonekana: kuizungushia mstari idadi hiyo kabla ya kuanza. Walimu wa chuo wanaijua njia hii. Mwanafunzi anaposoma kwa moyo, mwalimu huweka alama ya risasi mahali alipojikwaa, na kesho huanzia pale pale. Hamwambii tu "soma vizuri."

Kazi hii ya kupitia makosa huchukua muda mrefu kuliko mtihani wenyewe. Kwa karatasi ya dakika 60, saa 2 si nyingi, na ni bora ifanywe kesho yake kichwa kikiwa kimepumzika. Kisha siku za wiki hutumiwa kufanyia mazoezi zile sababu mbili kubwa tu, kwa karatasi zilizokwisha kutumika, mpaka Jumamosi ifike.

Tuje sasa kwenye uamuzi wa kulipia nafasi, ambapo ndipo fedha hupotea. Katika karatasi ya pili binti alipata 27. Katika ya tatu akaruka mpaka 33. Mama yake akafurahi, akatuambia, "Maalim, si amepita hapo? Nimlipie kabla fedha haijaingia kwenye mambo mengine." Ni kauli ya mama yeyote. Lakini tulipolitazama daftari tukaona kuwa vifungu viwili kati ya vitatu vilihusu mambo aliyokwisha kuyasoma chuoni, na ule ukurasa wa TRUE na FALSE haukuwamo kabisa katika karatasi ile. Namba 33 ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa ni kipimo cha siku njema. Tukamshauri mama asubiri. Karatasi ya nne ikatoa 29.

Kwa hiyo kanuni ni kuwa nafasi hailipiwi kwa alama ya juu kabisa, hulipiwa kwa alama ya chini. Chukua karatasi tatu za mwisho, zote mpya, zote zikiwa zimefanywa kwa saa na kwa kikao kizima, kisha uangalie iliyo dhaifu zaidi. Hiyo ndiyo inayosema hali yako siku mbaya, na siku ya mtihani yaweza kuwa siku mbaya: umelala vibaya, feri imechelewa, aliye jirani yako anakohoa. Na alama hiyo ya chini isiwe ile ile inayotakiwa, ipite kidogo. Mpaka wa daraja 7 husogea kidogo kutoka karatasi moja hadi nyingine, na nyumbani mtu huwa na utulivu ambao hatakuwa nao ukumbini. Kwa anayehitaji 30, sisi tungengoja mpaka alama yake ya chini iwe 32.

Karatasi ya tano ya binti ilitoa 30, ya sita 32, ya saba 34, ya nane 33. Tazama 30 ile: imefika mpaka, lakini haikumtosha kulipia, kwa sababu karatasi ya nne iliyo kabla yake ilikuwa 29 na daftari lilikuwa bado linaonyesha maswali mawili ya wakati. Ilipofika ya nane, tatu za mwisho zilikuwa 32, 34 na 33. Na muhimu kuliko namba, sababu zile mbili kubwa zilikuwa zimetoweka katika daftari. Makosa yaliyobaki yalikuwa ya huku na huku, leo neno moja gumu, kesho jingine. Hiyo ni dalili ya pili ya utayari: makosa yanapoacha kujirudia.

Hayo ni ya Kusoma, na Kusikiliza hufuata njia hiyo hiyo, kwani nayo ina maswali 40 na daraja 7 huwa karibu na 30. Sehemu mbili zilizobaki haziwezi kupimwa na mfanyaji mwenyewe. Kuandika ni dakika 60 kwa kazi mbili, ya kwanza ya maneno 150 na ya pili ya maneno 250 kwa uchache. Ya pili ina uzito mara mbili, hivyo dakika 20 kwa ya kwanza na 40 kwa ya pili. Insha hizo apewe mwalimu anayejua vigezo vya mtihani huu, si ndugu anayejua Kiingereza tu, kwa kuwa ndugu atasahihisha herufi na kuacha swali ambalo halikujibiwa. Kuzungumza ni dakika 11 hadi 14 na mtu mmoja. Arekodiwe kwa simu, kisha ajisikilize. Nafasi isilipiwe mpaka sehemu zote nne ziwe zimevuka mpaka wake, kwa kuwa iliyo dhaifu ndiyo inayoamua.

Upande wa pili nao una hatari yake. Wapo wanaotimiza masharti haya yote kisha wakaendelea kusubiri mwezi baada ya mwezi, "mpaka nipate 38." Daraja 7 haihitaji 38. Karatasi mpya zitamalizika, makali yatapungua, na hakuna kitakachoongezeka. Aliyepata tatu mfululizo juu ya mpaka, katika sehemu zote, achague tarehe ya wiki mbili au tatu mbele, na abakize karatasi moja mpya ya wiki ya mwisho ili asipoteze mwendo wa saa. Kabla ya kulipa asome masharti ya kuahirisha. Vilevile atazame kalenda ya mbele: matokeo ya mtihani huu huhesabika kwa miaka 2, basi anayelipia ilhali cheti chake cha uuguzi na usajili wake bado havijakamilika anaweza kuyaona matokeo yakizeeka kabla hajayatumia.

Kwa akina mama wanaotoa ada, tunapendekeza waombe kuonyeshwa vitu viwili kabla ya kufungua mkoba: karatasi tatu za mwisho zenye tarehe na dakika zilizoandikwa ukingoni, na daftari la makosa. Binti akivileta vyote viwili, na alama ya chini ikawa juu ya mpaka, alipiwe wiki hiyo hiyo. Akileta karatasi moja nzuri peke yake, aambiwe kwa upole alete mbili nyingine.